Namba ya Bechi Haigeuzi Feki Kuwa Oriji

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi Sauvage za chini ya thao mbili. Kila wiki kuna mtu ananitumia tangazo kwa inboksi: Dior Sauvage, Eau de Toilette, mililita 100, shilingi 1,800, "oriji kabisa, angalia bechi mwenyewe." Chini ya picha ya chupa kuna skrinishoti ya tovuti kama CheckFresh, ikionyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Halafu kwa komenti watu wanauliza tu, "Delivari Rongai ni ngapi?"

Msimamo wangu ni huu: ile skrinishoti si ushahidi kwamba chupa ni oriji. Haijawahi kuwa. Muuzaji anayeitumia kama ushahidi ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana na anakutegemea wewe usijue.

Tuanze na namba yenyewe. Bechi ni mkupuo mmoja wa kiwandani: chupa nyingi zilizojazwa kutoka mchanganyiko mmoja, zote zikapewa namba moja. Kazi yake ni kumsaidia mtengenezaji. Kukiwa na shida, anajua ni mkupuo gani arudishe. Kwa hivyo namba ya bechi si kama namba ya kitambulisho chako, ambayo ni yako peke yako. Iko chini ya kila chupa ya mkupuo huo, kila mtu anaweza kuisoma dukani, na picha zake zimejaa mtandaoni. Mwenye kiwanda cha feki anahitaji kununua chupa moja tu ya kweli, anakili herufi na tarakimu zake, kisha anazipiga kwenye chupa zake zote.

Sasa ukiiweka kwa tovuti, tovuti inafanya nini? Inasoma mpangilio wa namba na kukwambia tarehe. Basi. Haioni chupa yako, haijui imetoka wapi, haijui kilicho ndani. Ni kama mtu akikuonyesha namba ya gari iliyoandikwa kwa karatasi, nawe ukasema gari ni lake kwa sababu namba iko kwa mpangilio sahihi.

Lakini sikwambii uitupe namba ya bechi. Nakwambia uitumie upande wake sahihi. Namba ya bechi haiwezi kumsafisha muuzaji, ila inaweza kumhukumu. Shika hilo, maana vipimo vingine vyote vya chupa vinafanya kazi hivyo hivyo.

Hebu tufanye mfano kamili. Tuseme muuzaji ana Sauvage ya kawaida kwa shilingi 1,800, na anasema mzigo ni freshi, umetoka kiwandani mwaka jana. Unaomba picha ya chini ya chupa. Inakuja, imeandikwa 9X01. Kwa Dior, tarakimu ya kwanza ya namba ya bechi ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na herufi inayofuata inasimamia mwezi. Tarakimu hiyo inajirudia kila miaka 10, kwa hivyo 9 inaweza kuwa 2009, 2019 au 2029. Sauvage hii ilitoka 2015, kwa hivyo 2009 haiwezekani. 2029 haijafika. Inabaki 2019. Mpaka hapo hujathibitisha kwamba ni feki, kwa sababu chupa ya 2019 inaweza kuwa ya kweli kabisa. Umethibitisha jambo dogo zaidi: hadithi ya "mwaka jana" ni uongo.

Sasa unamuuliza kama ana Sauvage Elixir. Anayo, shilingi 2,300. Unaomba picha ya chini. Nayo imeandikwa 9X01. Hapa mchezo umeisha. Elixir ilitoka 2021. Hakuna Elixir ya 2019, sawa na vile hakuna simu iliyouzwa kabla haijabuniwa. Mtu alikuwa na namba moja na akaipiga kwenye kila kitu. Na tovuti, ukiiuliza, bado itakwambia kwa utulivu kabisa: imetengenezwa 2019. Haikudanganyi. Wewe ndiye unapaswa kujua chupa uliyoshika ilizaliwa mwaka gani. Hizi tarehe si siri: Eau de Toilette 2015, Eau de Parfum 2018, Parfum 2019, Elixir 2021.

Namba hiyo pia inafaa kuwa mahali pawili, chini ya chupa na chini ya kasha, na kwa kawaida zinalingana. Zikitofautiana, ulizia. Kama kasha halina namba kabisa, simama hapo. Na usichanganye bechi na zile tarakimu ndefu chini ya mistari ya kuskani. Zile zinataja aina ya bidhaa, na zinafanana kwenye kila kasha la aina hiyo na ukubwa huo duniani. Mtu akikwambia "imeskani, imetokea Dior," amekuonyesha tu kwamba simu yake inasoma mistari.

Twende kwa kifuniko. Sauvage ya mililita 100 ina kifuniko cha sumaku. Ukikikaribisha kwenye shingo ya chupa kinavutwa na kukaa chenyewe, bila kukisukuma. Kama kifuniko cha tangazo lako kinaingia kwa kubanwa kama cha chupa ya maji, au kinalegea na kuzunguka ovyo, jibu umepata. Lakini kikiwa na sumaku? Bado hujapata jibu, kwa sababu sumaku ni kitu cha bei rahisi na watengenezaji feki walishajua tunaiangalia. Unaona? Ikikosekana inahukumu, ikiwepo haisafishi.

Umbo la chupa ni vivyo hivyo. Kioo cha Sauvage kina rangi inayofifia taratibu kati ya nyeusi na bluu ya usiku. Ukiona rangi imekatika ghafla kama imepakwa, au maandishi yamechovya kingo zake, au kitako cha kioo ni kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, ondoka. Washa tochi ya simu nyuma ya chupa, maana kioo hiki cheusi kinaficha mrija. Mrija mrefu kupita kiasi, uliojikunja chini kama nyoka, ni dalili mbaya. Kisha nyunyiza mara moja hewani. Unataka ukungu mwembamba unaosambaa. Ukipata matone au mkondo kama wa bunduki ya maji, hapo kuna pampu ya bei ya chini.

Lakini nyinyi nyote mnaruka kipimo ambacho hakihitaji tochi wala tovuti: bei. Tupige hesabu. Sauvage ya mililita 100 inauzwa zaidi ya dola 100 kwenye maduka ya Marekani. Kwa kiwango cha kama shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 12,900 kabla haijapanda ndege. Tangazo letu ni 1,800, yaani chini ya sehemu moja ya saba. Muuzaji anasema, "Mimi napata kwa bei ya jumla Dubai." Sawa, tumpe punguzo kubwa la asilimia 40, na tujifanye usafiri, ushuru na faida yake ni sufuri. Bado inafika shilingi 7,740, zaidi ya mara nne ya bei yake. Huyu ama anakufanyia msaada wa hisani, ama kilicho ndani si unachofikiria. Na biashara ya hisani sijaiona hapa Nairobi.

Atakwambia ni testa. Testa za kweli zipo. Ni marashi yale yale, yanayopelekwa dukani wateja wajaribu, mara nyingi kwa kasha jeupe lisilo na mapambo na wakati mwingine bila kifuniko. Zikiuzwa huwa rahisi kidogo kwa sababu unakosa kasha zuri. Lakini kasha na kifuniko si shilingi 11,000. Neno "testa" mara nyingi linatumika kueleza kwa nini vitu viwili ambavyo ungevikagua, yaani kasha na kifuniko, havipo.

Najua komenti inayokuja: "Bora inanukia. Si kila mtu ana elfu kumi na tatu." Kweli, na hilo silipingi. Mimi sina shida na mtu kununua marashi ya bei ya chini. Nina shida na kulipia uongo. Armaf wa Dubai wana Club de Nuit Intense Man, ambayo wengi wanailinganisha na Aventus ya Creed. Harufu inakaribiana, lakini imeandikwa Armaf, kwa chupa ya Armaf, na kampuni yenye jina lake iko nyuma yake. Yule jamaa wa mtaani anayekupimia mafuta ya marashi kwa chupa ndogo na kukwambia "hii inafanana na Sauvage" pia amekwambia ukweli. Umenunua harufu inayofanana, kwa bei ya harufu inayofanana. Yule wa 1,800 ameandika jina la mtu mwingine kwenye kitu ambacho hakuna anayejua kimechanganywa nini, na wewe unakipaka shingoni. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu 2008. Hiyo si "hasol" tu.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, omba picha nne: mbele ya chupa, chini ya chupa, chini ya kasha, na kifuniko kikiwa kimetolewa, zote zikiwa na kikaratasi chenye tarehe ya leo pembeni. Akikutumia picha safi zenye mwanga wa studio, zitafute kwa Google Lens uone kama ni zake. Akisema hana muda wa picha, hana chupa. Na hata akizituma zote na zikapita, bado hujui ni ya kweli. Unajua tu kwamba hujapata sababu ya kukataa. Kwa hiyo lipa ukiwa umeishika mkononi, kwa mtu mwenye duka unaloweza kurudi, akiwa amekuandikia risiti yenye jina la bidhaa.

Muuzaji wa kweli haogopi maswali haya. Yule wa 1,800 atakublok. Hilo nalo ni jibu, na limekuokolea elfu moja mia nane.