"Sijaona Hela Yoyote": Stetimenti Peke Yake Haitakuokoa

Wadau, kuna sentensi moja ambayo wapangaji wa mji huu wa Dar tunaiogopa kuliko mgawo wa umeme: "Kijana, mimi sijaona hela yoyote." Mwenye nyumba anaitamka taratibu, wala hapandishi sauti, na wewe unajua fika kwamba kodi ya miezi sita imetoka kwenye akaunti yako. Unakimbilia simu, unamwonyesha meseji ya benki. Anaiangalia, anacheka. Meseji hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuiandika.

Msimamo wangu ni huu: wengi wetu tunashindwa kesi hizi kwa sababu tunapeleka ushahidi wa jambo ambalo mwenzetu hakulikataa. Mzee hajasema kwamba hela haikutoka kwako. Amesema haikufika kwake. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina karatasi yake.

Tuchukue mfano. Tuseme jamaa kapanga Sinza kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Tarehe 3 Machi 2025 anatuma 1,800,000 kutoka benki yake kwenda akaunti ya mwenye nyumba iliyo benki nyingine. Mwezi Mei anapewa notisi ya kuhama kwa kutolipa. Anachapisha stetimenti, nayo inasema tu kwamba tarehe 3 zimetoka 1,800,000 kwa njia ya TISS, mfumo wa kuhamisha hela kati ya benki na benki, pamoja na namba ndefu ya kumbukumbu. Jina la mwenye nyumba halipo. Namba ya akaunti yake haipo.

Karatasi hiyo inathibitisha nini? Kwamba hela iliondoka. Basi. Inaweza kuwa ilikwenda kwa mwenye nyumba, kwa muuza magari au kwa shangazi yake Moshi. Mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mzee atauliza swali moja tu: "Jina langu liko wapi hapo?"

Hata hivyo stetimenti usiitupe, ila ichukue vizuri. Usichapishe ukurasa ule wenye muamala peke yake. Chukua kuanzia siku chache kabla ya malipo mpaka siku unayoiomba, kurasa zote, zikiwa na muhuri wa benki. Kwa nini? Kwa sababu hela iliyotumwa huweza kurudi. Namba ya akaunti ikikosewa au akaunti ikiwa imefungwa, benki ya upande wa pili huirudisha, pengine baada ya siku kadhaa. Mpinzani mwerevu atasema, "Ilitoka tarehe 3, ikakurudia tarehe 6." Kama stetimenti yako inaishia tarehe 4, huna jibu. Ikifika mpaka Mei na salio linashuka na kupanda bila ile 1,800,000 kurudi, hoja hiyo imekufa.

Sasa tuje kwenye barua ya uthibitisho. Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Ukienda kaunta ukasema "naomba barua kwamba nililipa", utapewa barua ya mistari miwili inayosema kwamba mteja wetu alifanya muamala wa kiasi fulani tarehe fulani. Hiyo ni stetimenti iliyovaa tai! Haijaongeza kitu.

Andika ombi lako kwa maandishi, taja namba ya kumbukumbu ya muamala, kisha omba barua iseme mambo haya: akaunti iliyotoa, jina na namba ya akaunti iliyopokea, benki yake, kiasi, tarehe ya kutoka, na tarehe hela ilipoingizwa kwenye akaunti ya mpokeaji. Mwisho iseme kwamba muamala haujarudishwa wala kufutwa. Iwe na jina, cheo na sahihi ya ofisa, na muhuri.

Hapo kwenye tarehe ya kuingia pana mtego. Kama wote mko benki moja, benki inaona pande zote mbili na inaweza kuthibitisha mara moja. Mkiwa benki tofauti, benki yako kwa kawaida inajua tu kwamba ilituma na haijarudishiwa. "Haijarudi" si sawa na "imefika". Kwa hiyo waombe waiulize benki ya mpokeaji kwa kutumia ile namba ya kumbukumbu, kisha jibu liingie kwenye barua. Usikubali kuambiwa kwamba hiyo ni siri ya mteja. Siri ni stetimenti ya mwenye nyumba, na hiyo kweli hutapewa. Wewe unauliza hatima ya hela yako mwenyewe.

Ukishapata barua, mrudie mzee kwa adabu. "Mzee wangu, benki inasema iliingia tarehe 3 kwenye akaunti hii uliyonipa. Naomba tuangalie stetimenti yako ya wiki ile tu." Kama ni mtu aliyesahau au ana akaunti tatu, mambo yataishia hapo. Akikataa kuileta, shauri likifika mahakamani unaweza kuomba amri ya kukagua kumbukumbu za akaunti yake. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu hilo. Sheria hiyohiyo inakubali nakala za vitabu vya benki, ilimradi ofisa wa benki athibitishe kwamba ni kumbukumbu za kawaida za benki, ziko mikononi mwa benki, na nakala imelinganishwa na asili. Ndiyo maana picha ya skrini ya simu yako haiwezi kushindana na barua yenye jina la ofisa anayeweza kuitwa kutoa ushahidi.

Lakini barua ina mpaka wake. Inathibitisha hela ilipofika, haithibitishi ilikuwa ya nini. Mzee anaweza kugeuka: "Aa, ile? Ile ulilipa deni la mwaka jana." Benki haiwezi kukusaidia hapo. Kitakachokusaidia ni mkataba wenye namba ya akaunti yake, meseji aliyokutumia kukupa akaunti hiyo, na maneno uliyoandika kwenye sehemu ya maelezo wakati wa kutuma. "KODI MACHI-AGOSTI 2025" inachukua sekunde kumi. Wengi huandika "malipo", au nukta.

Na wale mnaoweka hela taslimu kwenye akaunti ya mwenye nyumba kwa wakala, jueni kwamba stetimenti yenu haitaonyesha kitu, maana hela haikupita kwenu. Mna risiti tu, na karatasi ile hufifia. Itoeni kopi siku hiyohiyo, na hakikisheni jina lenu limeandikwa kama mwekaji.

Lawama yangu ya mwisho naipeleka kwa benki. Jina na akaunti ya mpokeaji mnavyo tangu dakika ya kwanza, kwa sababu mteja mwenyewe ndiye aliyevijaza. Kwa nini visichapwe kwenye stetimenti? Badala yake mpangaji anapanga foleni, analipia barua, anasubiri siku kadhaa, huku notisi ya kuhama inahesabu siku. Mstari mmoja tu kwenye stetimenti ungemaliza nusu ya ugomvi huu kabla haujafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nyie wenzangu mnasemaje? Na mliopo benki, mtujibu basi!