'Karibu' ni Hatua Ngapi?

Sisi wakazi wa Voi tuna maneno matatu ambayo yanatugharimu zaidi ya ukame: "karibu", "kubwa" na "juzijuzi". Muulize mtu wa Sagalla au wa Ndara nyumba ya fulani iko wapi, naye atakunyoshea mdomo akuambie, "Hapo tu." Ukizifuata "hapo tu" hizo utatembea mpaka viatu vilie. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili ni la kuchekwa likapita. Lakini sisi tunaishi mlangoni mwa Mbuga ya Tsavo Mashariki, na ndovu anapoingia shambani maneno hayo hayo ndiyo tunayoyapeleka kwa wakubwa. Hapo hayachekeshi tena.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mkulima aliyeharibiwa mazao nafasi ya kudai fidia mbele ya kamati ya kaunti, na dai hilo hukadiriwa kwa bei ya soko. Bei ya soko, ndugu msomaji, ni bei ya kitu kilichopimwa. Hakuna bei ya "sehemu kubwa ya shamba".

Tuchukue ripoti ya namna tunayoisikia kila msimu wa mahindi: "Usiku wa Ijumaa ndovu wengi walikuja karibu na mto wakala sehemu kubwa ya shamba langu." Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, wala hakuna uongo ndani yake. Hata hivyo askari wa wanyama akiisoma hajui aende wapi, na mkadiriaji hajui aandike nini. Hebu tuipekue.

Tuanze na "usiku wa Ijumaa". Kwa Mswahili wa pwani siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa karani aliyezoea kalenda ya ofisini, usiku huo huo ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Tayari tumepotezana kwa saa 24, na alama za nyayo zilizoonekana asubuhi hazilingani tena na maelezo. Dawa yake tunayo katika lugha yetu wenyewe: "usiku wa kuamkia Ijumaa", kisha tarehe. Na saa je? Ukisema saa 7 usiku una maana ya saa moja baada ya usiku wa manane, lakini fomu ikijazwa kwa hesabu ya Kizungu bila uangalifu, saa 7 yako inageuka kuwa saa 1 ya jioni, wakati watu bado wako barabarani. Andika "saa 7 usiku, yaani 01:00", na ubishi umekwisha.

Neno "karibu" nalo linataka mambo mawili: karibu na nini, na kwa kipimo gani. Mto Voi ni mrefu. Sema "kutoka darajani, kilomita 2 kwa pikipiki, upande wa Sagalla", kwani pikipiki ina mita yake ya safari. Wengine hupima kwa muda wa kutembea. Katika tambarare mtu mzima huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, basi nusu saa ni kilomita 2 na kitu. Lakini kipimo hicho kinafaa bondeni tu. Ukianza kupanda mlima, nusu saa yako inaweza isifike hata kilomita 1.

Sasa tufike penye pesa: "sehemu kubwa". Wakulima wengi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo ni sahihi, ila kwa sharti moja ambalo husahauliwa: kila hatua iwe yadi moja, yaani sentimita 91. Hiyo ni hatua ya kujinyosha. Hatua ya mwendo wa kawaida haifiki hapo. Nyosha kamba ya mita 100, tembea kama unavyotembea siku zote, uhesabu. Tuseme umepata hatua 130. Basi hatua yako ni sentimita 77, na "ekari" yako ya 70 kwa 70 ni mita 54 kwa 54, ambayo haifiki hata robo tatu za ekari ya kweli. Na kama jirani yako ana miguu mirefu, ekari zenu hazilingani ingawa hesabu ni moja.

Ukishaijua hatua yako, pima mahali palipokanyagwa tu. Tuseme ni hatua 40 kwa 25. Kwa hatua ya sentimita 77, hapo ni kama mita 31 kwa 19, karibu mita mraba 590, sehemu moja ya saba ya ekari. Kama mahindi yalipandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 30, patakuwa na mashina kama 2,200. Lakini ndovu hali kama mashine ya kufyeka. Huacha huku akang'oa kule. Kwa hiyo chagua mistari michache, mmoja pembeni, mmoja katikati, mmoja mwishoni, uhesabu mashina yaliyovunjwa na yaliyosimama. Ukikuta 6 katika kila 10 yameharibiwa, hasara yako ni mashina 1,300 hivi. Fanya hivyo asubuhi hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajaingia kumalizia. Mkadiriaji atakapokuja atahesabu mwenyewe, na hesabu yake ikikaribiana na yako, dai lako limepata miguu ya kusimamia.

Limebaki "ndovu wengi". Gizani hakuna ahesabuye vizuri, na hapa nataka kuonya. Anayesema "ndovu 11" kwa kubahatisha amefanya vibaya kuliko anayesema "wengi", kwa sababu amevisha dhana nguo ya hesabu. Sema "si chini ya 4, si zaidi ya 7, na nyayo ndogo za mtoto mmoja." Kadirio lenye mipaka nalo ni kipimo. Vile vile useme umejuaje: kwa kuona, kwa nyayo, au kwa kusikia.

Wapo wazee watakaoniambia kwamba kupimapima huku ni Uzungu. La hasha. Nani aliyetupa shubiri na dhiraa? Nani aliyesema vibaba vinne ni pishi? Waliokuwa wakipeleka pembe na nafaka pwani walihesabu kwa frasila, wala mnunuzi hakukubali "mzigo mkubwa". Hata siku zijazo zilikuwa na majina yake: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Leo ni wangapi kati yetu wanaojua kuwa mtondogoo ni siku ya nne kutoka leo? Vipimo tulikuwa navyo, tukaviacha, tukabaki na "hapo tu".

Sisemi tuzungumze kama mizani. Mgeni aambiwe "karibu" bila mita, na mtunzi wa mashairi aachwe na "mbali" yake. Ninalosema ni kwamba neno linapovuka kizingiti cha nyumba kwenda kwa mtu asiyelijua shamba lako, lisafiri na kipimo chake. Ripoti yetu basi isomeke hivi: "Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 14, saa 7 usiku yaani 01:00, ndovu kati ya 4 na 7, kwa kuhesabu nyayo, waliingia shamba lililo kilomita 2 kutoka darajani upande wa Sagalla, wakaharibu mashina 1,300 hivi ya mahindi katika mita mraba 590." Ni sentensi moja tu, na askari, karani na mkadiriaji wote watatu wataisoma kwa maana moja.