Stika haisemi kila kitu: Jua bima yako inafika wapi kabla hujagonga V8

Kila asubuhi barabara ya Bungoma kwenda Chwele, inayopita Chuo Kikuu cha Kibabii, hujaa bodaboda na probox, na kati yao hupita magari ambayo taa moja tu ina bei ya kununua pikipiki. Vijana wengi walioshika usukani au hendeli hapo wana imani moja: mradi stika ya bima haijaisha, wako salama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine inaweza kukufilisi.

Bima ya lazima nchini Kenya inasimamiwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Sheria hiyo inamlazimisha mwenye chombo kuwa na bima ya kifo au majeraha ya watu wengine, na kiwango chake kwa mtu mmoja ni Sh3 milioni. Mali haimo. Gari, ukuta, kioski au ng'ombe utakayemgonga hawalindwi na sheria hiyo.

Kampuni za bima huongeza fidia ya mali ya watu kwenye thadi pati, lakini hilo ni jambo la mkataba, na kila mkataba una kikomo chake. Kikomo hicho hukioni kwenye stika. Kimeandikwa kwenye jedwali la bima, ile karatasi ambayo wengi hawajawahi kuiomba kwa ajenti.

Tuchukue mfano. Mwendeshaji boda ana bima yenye kikomo cha mali cha Sh1 milioni. Akitoka Kibabii, anaingia barabara kuu pale Kanduyi bila kuangalia na kuiparuza V8 ubavuni hadi mbele. Bampa, taa, mlango, rangi na vihisi vya umeme vinatengenezwa kwa Sh1,250,000. Kuvuta gari na kumlipa mkaguzi ni Sh50,000. Mwenye gari anakodi lingine siku 15 kwa Sh10,000, hiyo ni Sh150,000 nyingine. Jumla ni Sh1,450,000. Bima ikilipa hadi kikomo chake, Sh450,000 zinabaki shingoni mwa kijana. Akibaki na Sh1,000 kwa siku baada ya mafuta, atafanya kazi siku 450 bila kula. Na mkataba ukiwa na eksesi, ile sehemu ambayo mwenye bima hutoa kwanza mwenyewe, deni linaongezeka.

Usijifariji kwamba tajiri ana bima yake kubwa, atalipwa huko. Ni kweli kampuni yake inaweza kumtengenezea gari upesi. Ikishamlipa, inachukua haki yake ya kudai na kukufuata wewe. Ina miaka mitatu ya kufungua kesi, kwa hivyo kimya cha miezi sita si msamaha.

Kuna shimo jingine. Mtu akijeruhiwa na mahakama ikaamua, sheria huibana kampuni imlipe hata pale ambapo wewe ulivunja baadhi ya masharti, kisha ikudai baadaye. Kwa mali hakuna kinga hiyo. Ukibeba abiria kwa pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, au ukiendesha bila leseni ya daraja hilo, kampuni inaweza kukataa kulipa hata shilingi moja ya ile V8.

Ajali ikitokea, usitie sahihi karatasi ya "nitalipa" pale barabarani au kituoni, hata ukipigiwa kelele. Mikataba mingi inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na sahihi hiyo inaweza kukuharibia madai. Piga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, ripoti kwa polisi, omba abstrakti, kisha ijulishe kampuni mara moja. Barua ya wakili au samansi ikija, ipeleke kwao siku hiyo hiyo. Na kama mwenye V8 naye alikuwa na kosa, sema hivyo: mahakama hugawa lawama, na deni hupungua kwa kiasi hicho.

Kampuni na maajenti nao wana deni kwetu. Kikomo cha mali kiandikwe kwenye cheti chenyewe, kwa tarakimu kubwa kama tarehe ya kuisha, na mteja aambiwe kabla ya kutuma pesa. Mtu anayekata bima ya mwezi mmoja kwa simu, kati ya abiria wawili, hana nafasi ya kupekua kurasa za masharti.

Hadi hilo lifanyike, muulize ajenti wako leo: "Nikigonga gari la mtu, mnalipa mpaka ngapi, na kuongeza kikomo hicho ni pesa ngapi?" Asipoweza kukuonyesha jibu kwenye karatasi, tafuta ajenti mwingine kabla stika hiyo haijaisha.