Tahadhari kwa mafundi wa Ruashi: kadi za kubadilisha umeme zisizohesabu sawasawa

Kama unaunda au kukarabati kadi inayobadilisha umeme wa SNEL kwenda jenereta, na ndani yake toleo la geti linaingia kwenye saa ya kihesabu 74HC393, simama kwanza. Kadi inaweza kupita majaribio yote mezani, kisha siku moja ikaruka hatua: kontakta ya jenereta ikafunga kabla ya ile ya SNEL kuachia.

Hatari tuli wengi wanaijua: toleo lilipaswa kubaki 1, likaanguka mara moja na kurudi. Kubwa zaidi ni hatari badilifu. Hapa toleo lilipaswa kugeuka mara moja tu, lakini linageuka mara tatu. Tazama:

```
F = (AB + A'C)(A + D)
```

A ni ishara ya SNEL. Weka B=1, C=1, D=0. Umeme ukikatika, A inashuka na F inapaswa kushuka mara moja. Lakini A inafika mwisho kwa njia tatu. Tuseme kila geti ya 74HC inachelewa nanosekunde 10, na geti ya A + D ni CD4071 iliyotolewa kwenye kadi ya zamani, inachelewa 100. AB inazimika kabla A'C haijawaka, hivyo F inashuka kwenye 30. A'C inawaka, F inapanda kwenye 40. Mwishowe toleo la CD4071 linashuka, na F inashuka tena kwenye 110. Kihesabu kinachosoma mshuko kinaweza kuhesabu mbili. Kwa nini "kinaweza"? Mruko wa nanosekunde 10 ni mwembamba, mara nyingine unamezwa. Joto au chipu nyingine vinabadilisha matokeo. Multimita haitauona. Tumia osiloskopu, iwekwe inase mshuko mmoja.

Dawa ni kuongeza BC kwenye mabano ya kwanza, yabaki 1 wakati wote A inapogeuka. Kuchelewesha waya mmoja kwa kukisia hakutoshi.

Hatari ya amali ni nyingine kabisa, na geti za ziada haziiponyi. Tuseme taa ya "chanzo kimoja tu" ni XOR ya SNEL na jenereta. Kutoka 01 kwenda 10 ishara mbili zinabadilika pamoja. Moja ikitangulia, unapita 00 au 11, na zote mbili zinatoa 0. Kosa limo ndani ya amali yenyewe. Badilisha ishara moja kwa wakati, au soma toleo kwa flipflopu baada ya kila kitu kutulia.

Msiunganishe toleo la geti moja kwa moja kwenye saa au kifuta cha kihesabu. Na kontakta mbili zifungwe kwa kizuizi cha kimakanika, ili hata kadi ikikosea, zisiweze kufunga pamoja. Kadi isiyo na kizuizi hicho isitoke karakanani.