Mswada Uliorudi kwa Mara ya Nne



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani aliyeolewa Kericho, ametuandikia juma hili. Kwa miaka mitatu amekuwa akiandika riwaya juu ya familia ya wachuma chai, usiku watoto wakishalala. Ameipeleka kwa wachapishaji wanne wa Nairobi, na wote wanne wamemrudishia. Anatuuliza kama aendelee au aufunge mswada sandukuni, maana shemeji zake wameanza kumwuliza, kwa upole unaochoma, hiyo kazi ya usiku italeta nini nyumbani.

Dada yetu, pole. Hatutakwambia kwamba barua hizo si kitu. Aliyekaa miaka mitatu na kazi moja akajibiwa kwa mistari miwili ana haki ya kuumia. Lakini ulifanya jambo jema kutunakilia barua zote nne, kwa kuwa tulipozisoma pamoja tuliona kwamba hazisemi neno moja.

Ya kwanza haina jina lako wala jina la riwaya. Inashukuru na kukutakia heri. Hiyo ni barua inayopelekwa kwa kila mtu, na haikuelezi lolote juu ya kazi yako, si zuri wala baya. Pengine ilisomwa kurasa kumi, pengine haikufunguliwa. Usiitafutie maana ambayo haimo.

Ya pili yasema kazi yako hailingani na mpango wao wa uchapishaji. Hili aghalabu ni neno la kweli, wala si adabu tupu. Wachapishaji wetu wa Kenya hupata sehemu kubwa ya mapato yao katika vitabu vya shule, navyo sharti viidhinishwe na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Riwaya ya watu wazima isiyosomwa darasani huuzwa nakala chache, na mchapishaji huitoa kwa hofu hata anapoipenda. Hapo lililokataliwa ni hesabu ya fedha, na kuandika vizuri zaidi hakutaibadilisha hesabu hiyo. Dawa yake ni kutafuta mlango wa namna nyingine: mchapishaji mdogo anayependa fasihi, au tuzo ya Kiswahili inayopokea miswada ambayo haijachapishwa.

Barua ya tatu na ya nne ndizo tulizozisoma mara mbili. Mhariri mmoja anasema mhusika mkuu anaingia hadithini baada ya ukurasa wa hamsini. Mwingine, katika afisi nyingine, anasema hadithi inachelewa kuanza. Watu hawa hawakushauriana. Msomaji mmoja anapotaja kasoro, yawezekana ni ladha yake. Wawili wasiojuana wanapoweka kidole mahali pamoja, pana kitu hapo. Tena mhariri mwenye kazi nyingi haandiki sababu kwa mswada asioujali. Amekupa dakika zake, nawe zichukue kuwa ni msaada, hata kama zimekuja ndani ya bahasha chungu.

Wewe unaishi kwenye chai, nasi tuna yakini umeona mambo ya kituo cha kununulia majani, Kericho au Bomet. Mkulima huteremsha kikapu, majani yakamwagwa na kukaguliwa. Kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi chake. Yakionekana majani magumu yaliyokomaa, karani huyakataa, na mkulima hurudi nayo au huketi kuyachambua. Sababu mara nyingi ni kwamba zamu ya kuchuma ilicheleweshwa: badala ya juma moja au mawili, zimepita siku nyingi zaidi. Hakuna anayerudi nyumbani kung'oa mchai kwa ajili ya kikapu hicho. Lakini pia hakuna mkulima mwenye busara anayerudisha kesho majani yale yale akitumaini kumkuta karani mwingine. Kurasa zako hamsini za mwanzo ndizo majani magumu.

Kuna mlango mwingine wa kukataliwa, ambao barua zako hazikuugusa, lakini yafaa uujue, kwani huenda ukakufika. Ni pale msomaji anapokataa si kwa kuwa kazi ina kasoro, bali kwa kuwa hamtarajii mtu kama wewe kuandika jambo kama hilo. Hili lilimpata jirani wa milima yenu, marehemu Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930. Alikuwa muuguzi na mkunga, tena mke na mama. Alieleza baadaye kwamba alipozipeleka hadithi zake kwenye shirika la uchapishaji la wakati wa ukoloni, East African Literature Bureau, meneja wake hakufahamu vipi mwanamke Mkristo aandike mambo ya kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika juu ya wokovu.

Grace Ogot hakuzibadilisha hadithi zake ili zimridhishe meneja huyo, kwa kuwa alichokipinga ndicho kilichokuwa moyo wake wa kuandika: masimulizi aliyoyasikia kwao. Mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi Makerere. Mwaka 1963 hadithi yake juu ya binti anayetolewa kafara ili mvua inyeshe ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus, huko Nigeria. Mwaka 1966 riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitolewa na East African Publishing House, nyumba mpya ya uchapishaji ya hapa hapa Nairobi. Tunamtaja si kwa sababu kila aliyekataliwa atakuwa yeye. Tunamtaja ili uone kwamba alijua kipi cha kushikilia, na kwamba mlango uliomfaa haukuwa ule wa kwanza.

Basi, dada yetu, rai yetu ni hii. Weka mswada kando mwezi mmoja. Kisha anza riwaya pale mama mkwe anaporudishiwa kikapu mbele ya majirani, sehemu ambayo sasa iko ukurasa wa 53. Hapo sisi tulisahau chai mezani ikapoa. Yaliyotangulia yachuje, uyatie kidogo kidogo mbele. Ukimaliza, waandikie wale wahariri wawili, uwashukuru kwa walichokiona, uwaulize kama wako radhi kuisoma tena. Fungua daftari uandike tarehe, jina la mchapishaji na jibu lake, kwani majibu huchukua miezi, na moyo unaosubiri bila daftari hujidanganya. Na atokeaye kukusifu kabla hajasoma, kisha akakudai fedha za kuchapisha, muulize maswali mengi kabla ya kugusa akiba ya nyumba.

Hatukuahidi kwamba itachapishwa. Wako waandishi wazuri ambao hawakupata mlango, na rizki haikadiriwi na afisi ya mhariri. Ila hesabu yako halisi si kukataliwa mara nne. Ni barua moja isiyosema kitu, moja ya biashara, na mbili zilizokuonyesha pa kuanzia. Hizo mbili zinatosha kukurudisha mezani watoto wakilala.

Na shemeji wakiuliza tena, waambie bado unachambua majani. Kwa watu wa Kericho, hilo halihitaji maelezo.

Wabillahi tawfiq.