BARUA YA KUOMBA WAALIMU NA IANDIKWE KWA HESABU



Barua nyingi za wakuu wa skuli kwa Afisa Elimu wa Wilaya huanza kwa kulalamika na huishia kwa kuomba. Husema tu kwamba waalimu ni wachache. Barua ya namna hiyo haimpatii mtoto mwalimu, kwani Afisa hutazama ikama, yaani idadi ya waalimu iliyokadiriwa kwa skuli, na akiiona imetimia huiweka barua kando.

Na ikama yaweza kutimia hali darasa limekaa bure. Natutwae mfano wa sekondari ya kutwa huko Jangwani, Dar es Salaam, na tuseme mikondo 12 husoma fizikia, kila mmoja vipindi 4 kwa wiki. Jumla ni vipindi 48. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 24, wahitajiwa waalimu 2. Akiwapo 1, nusu ya vipindi haina mtu, ijapokuwa ofisi ya waalimu imejaa mabingwa wa historia na Kiswahili. Jambo hili si geni: mwaka 2017 waalimu wa sanaa waliozidi katika sekondari za Bara walihamishiwa skuli za msingi, na huku sayansi na hisabati zingali na njaa.

Basi Mkuu wa Skuli na aandike somo kwa somo: mikondo mingapi, vipindi vingapi, waalimu waliopo, wanaohitajiwa, na waliozidi. Hao waliozidi asiwafiche kwa kuogopa kupokonywa. Akiwataja, Afisa hupata njia ya kubadilishana na skuli ya jirani. Ratiba iambatishwe, kwani ndiyo shahidi. Jina moja likionekana katika madarasa mawili saa ile ile, hapana haja ya maneno mengi.

Wakati nao una hukumu yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maombi ya ajira mpya hutangulia pamoja na makisio ya mishahara. Barua ikichelewa, Afisa hubaki na uhamisho tu ndani ya wilaya yake, kwani yeye mwenyewe haajiri.

Lakini lawama isimwendee Mkuu wa Skuli peke yake. Ofisi iliyopokea hesabu kamili yawajibika kujibu kwa maandishi: mwalimu atatoka wapi, lini, na kama hayupo, kwa nini. Ikikaa kimya, hasara huonekana Kidato cha Tatu, pale watoto wanapochagua masomo. Wengi huiacha fizikia, na mwaka ufuatao ofisi husoma kwamba wanafunzi wa fizikia wamepungua, ikakata shauri kwamba mwalimu wa pili hahitajiwi. Hivyo uhaba hujifuta wenyewe katika karatasi, na mtoto ndiye aliyelipa.