"Fine" Sio Poa

Wasee, leo tuongee kuhusu "Fine".

Kizungu kimepatia hilo neno kazi mbili. Ukiulizwa uko aje, "Fine" inamaanisha huna shida. Ukiambiwa mpango umebadilika, "Fine" inamaanisha umekubali lakini roho haitaki. Sisi hizo kazi tumezigawa: hapo kwanza tunasema niko poa, hapo pili tunasema sawa. Kwa hivyo mtu ambaye mmechati Sheng wiki nzima akikuandikia "Fine", ubaridi hauko kwa neno peke yake. Uko kwa kuhama lugha. Mlikuwa mmekaa sebuleni, sasa amekupeleka ofisini.

Chukua mfano huu. Umetumia dem wako: "Leo siwezi kuja, kazi imenishika." Akijibu "Sawasawa", tulia, maana kwetu neno likirudiwa linapata joto. Akijibu "Sawa", bado hujui. Angalia vile yeye hujibu siku zote. Akijibu "Ni sawa tu", buda, si sawa. Hiyo "tu" ndiyo imebeba machungu yote, inakuambia anavumilia. Na akijibu "Fine." na nukta, pole yako.

Hiyo nukta si mambo ya kujitungia. Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walisomesha wanafunzi 126 mazungumzo mafupi. Jibu la neno moja kwa simu likiwa na nukta, walihisi halijatoka rohoni sana. Jibu lilelile likiwa limeandikwa kwa mkono kwa karatasi, nukta haikubadilisha kitu.

Ndio maana usimkasirikie mathe akikutumia "Ok." Yeye alifunzwa shuleni kwamba sentensi huisha na nukta, na alianza kutuma meseji kwa kabambe, kila SMS ikikatwa pesa. "Ok." yake haina baridi yoyote. Lakini jaribu kugeuza. Akikuuliza utakula nini, ukisema "chochote", hiyo ni heshima, unamrahisishia kazi. Ukimjibu "Whatever", utalala njaa. Maana karibu ni moja, ila ya pili inamwambia hujali.

Maoni yangu ni haya: usipime neno, pima mabadiliko. Linganisha mtu na yeye mwenyewe, si na beste yako au eks wako. Akihama lugha ghafla, ama akiongeza "tu" ambayo huwa haweki, usimrudishie "sawa" yako baridi, mtabaki wawili ndani ya friji. Piga simu, sikia sauti.

Na wewe unayeandika "Fine." ukingoja asome roho yako kwa skrini, andika "Nimeumia". Hiyo pia ni neno moja.